Nambari ya Toleo: Jinsi Makarani Wawili Wanavyozuiwa Kufutiana Oda Kimyakimya

Katika biashara ya mikunde ya Kitui na Makueni, oda moja hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla lori halijapakiwa, na kwa muda mrefu jambo hilo halikuleta utata kwa sababu oda iliandikwa kwenye daftari moja tu, lile kubwa la jalada gumu linalokaa juu ya kaunta, ambalo aliyelishika ndiye aliyeandika na mwenzake akangoja zamu. Daftari lenyewe lilikuwa kufuli. Biashara ilipohamia kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu linalotunzwa na kompyuta na kusomwa kwa mtandao kutoka mahali popote, kufuli hilo liliondoka bila mtu kulitaja, kwa kuwa sasa ukurasa uleule unaweza kufunguliwa Wote na Kitui mjini kwa dakika moja, kila karani akiamini kuwa ni yeye pekee anayeuandika.

Kasoro inayozaliwa hapo huitwa badiliko lililopotea. Watu wawili husoma rekodi ileile ikiwa katika hali moja, wa kwanza akaibadilisha na kuihifadhi, kisha wa pili, ambaye bado anatazama hali ya zamani, akahifadhi yake juu ya ile ya kwanza. Kompyuta haitoi onyo lolote, hakuna hitilafu inayoandikwa kwenye kumbukumbu za seva, na wote wawili huona neno “Imehifadhiwa”. Uharibifu wa aina hii ni mgumu kuukamata kuliko ule wa seva kuzimika, kwa sababu seva iliyozimika hujitangaza yenyewe, ilhali oda iliyofutiwa nusu ya maelezo yake huonekana timamu kabisa mpaka mteja apige simu kulalamika.

Chukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa ndengu, zile ambazo kwingine huitwa choroko, mwenye ofisi Wote na Kitui mjini pamoja na ghala Kibwezi, mahali ambapo barabara inayotoka Kitui kupitia Mutomo hukutana na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Mvua za vuli ndizo wakulima wa Ukambani wanazozitegemea zaidi, na ndengu zilizopandwa kwa mvua hizo huvunwa kuanzia Januari, kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ambayo oda hubadilishwabadilishwa mara nyingi kwa siku. Oda nambari 318 ni ya mnunuzi wa Mombasa: magunia 100 ya kilo 90, yaani kilo 9,000, mzigo ambao lori la tani 10 linaubeba, na mahali pa kupakia pameandikwa Kitui. Saa 4:10 asubuhi karani wa Wote anaifungua oda hiyo kwa sababu mnunuzi amempigia simu akitaka magunia 130. Saa 4:12 karani wa Kitui anaifungua pia, akiwa na nia nyingine kabisa: anataka kuhamishia upakiaji Kibwezi, kwa kuwa ghala la huko lina magunia 110 na lori litaokoa safari ya kupanda hadi Kitui na kurudi.

Saa 4:15 karani wa Wote anahifadhi, na hifadhidata sasa inasema magunia 130, Kitui. Saa 4:17 karani wa Kitui naye anahifadhi. Yeye hakugusa idadi ya magunia, lakini fomu iliyo mbele yake hutuma sehemu zake zote kwa pamoja, pamoja na ile 100 iliyosomwa saa 4:12, na hivyo oda inabaki na magunia 100, Kibwezi. Magunia 30, ambayo ni kilo 2,700, yamefutika bila mtu kuamua kuyafuta. Karani wa Wote hana sababu ya kuifungua tena oda aliyokwisha kuihifadhi, na karani wa Kitui hajui kwamba kulikuwa na 130 hata kwa dakika mbili.

Ni rahisi kuilaumu hifadhidata, lakini kwa upande wake haikukosea chochote. Kila uhifadhi ulikuwa muamala kamili, yaani kundi la amri ambazo ama hukubaliwa zote ama hukataliwa zote, na kila muamala ulidumu milisekunde chache tu. Tatizo limekaa nje ya miamala hiyo, katika zile dakika tano ambazo binadamu alikuwa anasoma, anaongea na simu na kuandika. Ulinzi ambao hifadhidata hutoa kwa kawaida hauvuki mpaka wa muamala, na dakika za kufikiri hazimo ndani ya mpaka huo. Hata kiwango rasmi hakikuliorodhesha jambo hili: kiwango cha lugha ya SQL cha mwaka 1992 kiliorodhesha kasoro ambazo miamala inayokwenda sambamba inaweza kuleta, lakini badiliko lililopotea halikuwamo, na ilikuwa mwaka 1995 ambapo Jim Gray na wenzake walichapisha uhakiki wa kiwango hicho wakaliongeza.

Tiba ya kwanza inayokuja akilini ni kulirudisha daftari la kaunta, na inaweza kuitwa kufuli la tahadhari. Aliyefungua oda ili aibadilishe huifunga, na mwingine hungoja. Hifadhidata zina amri ya kazi hiyo, `SELECT ... FOR UPDATE`, ambayo hushikilia rekodi mpaka muamala uishe. Amri hiyo inafaa kwa kazi ya programu inayomalizika papo hapo, lakini haifai kwa binadamu, kwani huulazimu muamala ubaki wazi wakati karani amekwenda kunywa chai, na programu za kivinjari hata hivyo huachilia muunganisho wao na hifadhidata mara ukurasa unapomaliza kuonyeshwa. Wengine huweka safu ya “imefungwa na nani” pamoja na saa ya kufunguka, tuseme baada ya dakika 15. Hapo stima ikipotea Wote na kompyuta ikazimika, oda hubaki imefungwa kwa muda huo wote kwa jina la mtu asiyeweza kuifungua, na ofisi nzima hujifunza upesi njia ya kulivunja kufuli, jambo ambalo hurudisha hatari ileile kwa mlango wa nyuma.

Tiba ya pili huanza kwa kudhani mema, na ndiyo maana hapa itaitwa kufuli la dhana njema. H. T. Kung na John T. Robinson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliieleza mwaka 1981, wakijenga hoja kwamba pale ambapo migongano ni nadra, gharama ya kufunga kila kitu kila mara hulipwa bure, na kwamba ni afadhali kumwacha kila mtu asome na kuandaa kazi yake kwa uhuru, kisha ahakikiwe mwishoni kabla ya kuandika. Neno kufuli kwa kweli halilingani na jambo lenyewe, maana hakuna kinachofungwa. Kinachofanyika ni kuulizwa swali moja wakati wa kuhifadhi: je, oda hii bado iko kama ulivyoiona?

Swali hilo linahitaji namna rahisi ya kujibiwa, na namba moja nzima inatosha. Kila oda katika jedwali hupewa safu inayoitwa, kwa mfano, `toleo`, ambayo huongezeka kwa moja kila oda inapobadilishwa na hairudi nyuma kamwe. Oda 318 ilipofunguliwa na makarani wote wawili ilikuwa toleo la 7. Fomu humpelekea kila karani maelezo ya oda pamoja na ile 7, ikiwa imefichwa asiweze kuigusa, na karani anapohifadhi, 7 hiyo hurudi pamoja na mabadiliko yake. Amri inayofika kwenye hifadhidata kutoka Wote ni hii:

```sql
UPDATE oda
SET magunia = 130, pakia = 'Kitui', toleo = toleo + 1
WHERE id = 318 AND toleo = 7;
```

Rekodi yenye kitambulisho 318 na toleo 7 ipo, kwa hiyo inabadilishwa, toleo linakuwa 8, na hifadhidata inajibu kwamba rekodi moja imeguswa. Dakika mbili baadaye amri ya Kitui inafika ikiwa na masharti yaleyale, lakini rekodi yenye toleo 7 haipo tena. Hifadhidata haioni kosa lolote hapo. Imeombwa ibadilishe rekodi zote zinazotimiza masharti na haikupata hata moja, kwa hiyo inajibu, katika PostgreSQL, `UPDATE 0`, na kunyamaza. Ulinzi wote umo katika ile sifuri. Programu isiyoisoma itamwonyesha karani “Imehifadhiwa” ilhali hakuna kilichohifadhiwa, na hapo hali imegeuzwa tu: badala ya kazi ya wa kwanza kupotea, inapotea ya wa pili. Sifuri hiyo pia ina maana mbili, kwamba oda imebadilishwa au kwamba imefutwa kabisa, na programu makini huisoma oda upya ili ijue ni ipi kabla ya kumwambia karani neno.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini programu isisome kwanza toleo, ilinganishe yenyewe, kisha ndiyo iandike. Sababu ni kwamba kati ya kusoma na kuandika kuna mwanya, hata kama ni wa milisekunde mbili, na katika mwanya huo mwingine anaweza kupita. Ulinganishaji na uandishi vikiwa ndani ya amri moja, mwanya haupo. Hata amri za Wote na Kitui zikifika kwa pamoja, hifadhidata humruhusu mmoja tu aishike rekodi, na wa pili hungoja. Wa kwanza akimaliza, PostgreSQL katika mpangilio wake wa kawaida wa `READ COMMITTED` huyapima upya masharti ya wa pili dhidi ya rekodi kama ilivyo sasa, ikikuta toleo ni 8, basi inamwacha mikono mitupu. Kungoja huko ni kwa milisekunde, si kwa muda wa chai.

Mpaka hapa jambo linaonekana jepesi, na maktaba nyingi za programu hulifanya lenyewe. Katika Java sehemu ya toleo huwekewa alama `@Version`, na katika Rails safu ikiitwa `lock_version` inatosha. Wepesi huo ndio unaozaa kosa ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa uchambuzi huu, limeharibu oda nyingi kuliko ukosefu wa kufuli wenyewe. Programu ya kawaida ya Java, inapopokea fomu, huanza kwa kuisoma oda 318 kutoka kwenye hifadhidata, kisha huyaweka maelezo ya fomu juu yake, kisha huihifadhi. Oda iliyosomwa ni ya saa 4:17, nayo ina toleo 8. Maktaba inalinganisha 8 na 8, inaridhika, na kuandika magunia 100 juu ya 130. Kufuli limefanya kazi bila dosari, lakini limelinda milisekunde ambazo hazikuhitaji kulindwa na kuziacha wazi dakika tano zilizohitaji. Kujaribu kuipachika ile 7 ya fomu juu ya oda iliyokwisha kusomwa hakusaidii pia, kwa sababu Hibernate, maktaba inayotumiwa sana kwa kazi hii, hulinganisha kwa toleo ililolisoma yenyewe na si kwa lile lililopachikwa baadaye. Programu inapaswa kuzilinganisha namba hizo mbili waziwazi kabla ya kuendelea:

```java
if (oda.getToleo() != fomu.getToleo())
    throw new OptimisticLockException();
```

Ulinganishaji huu ni wa nyongeza, na ule wa maktaba unabaki palepale kuziba mwanya mdogo uliotajwa. Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba nambari ya toleo lazima iwe ile iliyokuwapo jicho la karani liliposoma, wala si ile iliyopo mkono wake unapobonyeza, na kila mahali ambapo programu inaisoma upya nambari hiyo njiani, kufuli hubaki jina tu. Itifaki ya wavuti yenyewe imefuata kanuni hiyohiyo: seva huutolea ukurasa alama iitwayo `ETag`, programu ya kivinjari au ya simu huirudisha ndani ya `If-Match`, na alama zisipolingana seva hukataa kwa jibu la `412`.

Wengine hutumia saa ya mwisho ya kubadilishwa badala ya namba, kwa kuwa safu hiyo mara nyingi ipo tayari. Njia hii hufanya kazi mpaka siku mabadiliko mawili yanapoingia ndani ya sekunde moja, kwani aina ya `DATETIME` katika MySQL, isipoagizwa vinginevyo, haitunzi sehemu za sekunde. Namba haina udhaifu huo na haigharimu zaidi.

Baada ya kukataa, programu inapaswa kusema kitu, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo, ingawa vitabu vingi vya programu huishia kwenye ile sifuri. Jibu baya kuliko yote ni programu kujisomea toleo jipya na kujaribu tena yenyewe mpaka ikubaliwe, kwani huko ni kufuta kazi ya mwingine kwa kuzunguka nyuma ya nyumba. Kurudia kwa namna hiyo kunaruhusiwa tu pale ambapo badiliko halitegemei kilichoonekana, kama vile “punguza akiba kwa magunia matano”, ambalo lina maana ileile iwe akiba ni 200 au 180. “Weka magunia kuwa 100” si badiliko la aina hiyo. Jibu la pili kwa ubaya ni kumwambia karani kwamba kuna hitilafu na kumfutia kila alichoandika, maana mtu aliyeandika maelezo ya dakika kumi na kuyapoteza mara mbili atatafuta njia ya kulikwepa kufuli, na kwa kawaida huipata.

Jibu linalovutia zaidi ni kuunganisha. Programu inazo oda tatu mkononi: ile ya toleo 7 ambayo wote wawili waliiona, ile ya toleo 8 iliyopo sasa, na ile ambayo karani wa Kitui anataka kuihifadhi. Ikizilinganisha, itagundua kwamba Wote iligusa idadi peke yake na Kitui iligusa mahali peke yake, sehemu mbili tofauti, na itashawishika kuziweka pamoja bila kumsumbua mtu: magunia 130, Kibwezi. Watengenezaji wengine hufika hapohapo kwa njia ya mkato, kwa kuifanya fomu itume zile sehemu tu zilizobadilishwa, wakidhani wameliondoa tatizo bila hata kuhitaji toleo. Lakini oda hiyo ya magunia 130 kutoka Kibwezi haikuagizwa na mtu yeyote. Karani wa Kitui aliichagua Kibwezi kwa sababu oda ilisema 100 na ghala lilikuwa na 110; angeiona 130 asingehamisha. Karani wa Wote, naye, alimkubalia mnunuzi magunia 130 akijua yatatoka Kitui. Zaidi ya hayo, kilo 11,700 haziingii kihalali katika lori la tani 10 lililokwisha kukodiwa. Kila nusu ya oda ina mwenyewe, lakini oda nzima ni yatima.

Kwa hiyo swali la kujiuliza unapoandaa programu si kama sehemu mbili ni safu tofauti katika jedwali, bali kama aliyeibadilisha moja aliitazama nyingine ili aamue. Idadi, mahali pa kupakia, lori na tarehe ni kundi moja, na kuguswa kwa yoyote kati yake kunapaswa kukataza kuunganisha kwa mashine. Nambari ya simu ya mpokeaji au maelezo ya pembeni yanaweza kuungana na chochote bila madhara. Mgawanyo huu haujulikani na mtengenezaji wa programu aliye Nairobi. Unajulikana na mtu anayepakia malori, naye ndiye wa kuulizwa.

Kwa kundi la aina ya kwanza, skrini humwachia binadamu uamuzi, ikimwekea yote mbele ya macho na kumtunzia alichoandika. Ujumbe wa kutosha kwa karani wa Kitui ungekuwa hivi: “Oda 318 imebadilishwa na ofisi ya Wote saa 4:15 ulipokuwa ukiihariri. Magunia: yalikuwa 100, sasa 130. Wewe umebadilisha mahali pa kupakia: Kitui kuwa Kibwezi. Badiliko lako halijahifadhiwa.” Ujumbe huo unamtaja aliyebadilisha, kwa sababu katika biashara ya ukubwa huu hatua inayofuata ni simu ya nusu dakika kati ya ofisi mbili, na hakuna programu itakayoishinda simu hiyo. Karani akishaamua, anahifadhi kwa toleo 8. Ikiwa kwa bahati mtu wa tatu amepita katikati, anakataliwa tena, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mara nyingi oda huwa na mistari, yaani jedwali la pili lenye ndengu magunia kadhaa, kunde magunia kadhaa, mbaazi magunia kadhaa, kila mstari ukiwa rekodi yake chini ya kichwa kimoja cha oda. Nambari ya toleo ikiwekwa kwenye kichwa peke yake, na programu ikabadilisha mstari bila kukigusa kichwa, toleo halisogei na makarani wawili wanaweza kuibomoa oda ileile kutoka pande mbili bila kukutana. Ikiwekwa kwenye kila mstari, mmoja anaweza kuongeza kunde na mwingine kuongeza mbaazi, kila mmoja akiwa halali kwenye mstari wake, na jumla ikazidi lori. Njia inayoshika ni kuihesabu oda na mistari yake kuwa kitu kimoja: badiliko lolote la mstari huanza kwa kuliongeza toleo la kichwa kwa sharti lilelile la `AND toleo = 7`, ndani ya muamala mmoja, na likikataliwa mstari hauguswi. Ufutaji nao huhitaji sharti hilo, kwani karani anayefuta oda aliyoiona tupu anaweza kuwa anafuta oda iliyojazwa dakika moja iliyopita.

Milango ya nyuma ipo pia. Mtu anayeingia moja kwa moja kwenye hifadhidata kurekebisha bei, au programu ndogo inayoingiza orodha kutoka kwenye faili usiku, huandika bila kuliongeza toleo, na baada ya hapo fomu iliyofunguliwa jioni itaonekana bado halali asubuhi. Kichochezi, yaani kipande cha amri ambacho hifadhidata yenyewe huendesha kila rekodi inapobadilishwa, kinaweza kupewa kazi ya kuongeza toleo ili kusiwe na njia inayokiepuka. Hapo programu iache kuliongeza, la sivyo toleo litaruka kutoka 7 hadi 9, na programu inayodhani ni 8 itajikataa yenyewe.

Kujikataa huko kuna chanzo kingine, ambacho maeneo yenye mtandao dhaifu hukiona sana. Karani aliye njiani karibu na Mutomo anahifadhi kwa simu, amri inafika kwenye seva na kukubaliwa, lakini jibu linapotea mtandao unapokatika. Anabonyeza tena. Ile 7 yake sasa imepitwa na 8 aliyoizaa mwenyewe, na skrini inamwambia kwamba oda imebadilishwa na mtu mwingine, ambaye ni yeye. Ujumbe unaotaja jina humwokoa kwa sehemu, kwa kuwa ataliona jina lake. Tiba kamili ni simu kuupa kila ubonyezaji wa kwanza kitambulisho cha pekee ambacho ubonyezaji wa kurudia hukituma tena. Seva ikikiona kwa mara ya pili hurudisha jibu lile la kwanza bila kuandika chochote.

Kuna jambo moja ambalo nambari ya toleo haiwezi kabisa, hata ikiwekwa kwa uangalifu wote huo. Inailinda rekodi moja dhidi ya waandishi wawili, lakini hailindi ahadi inayokaa kati ya rekodi mbili. Ghala la Kibwezi likiwa na magunia 110, karani mmoja akaiahidi oda 318 magunia 100 na mwenzake akaiahidi oda 319 magunia 60, hakuna aliyegusa oda ya mwenzake, matoleo yote yako sawa, na ghala limeahidi magunia 160. Kinachohitajika ni akiba nayo iwe rekodi inayoandikwa katika muamala uleule, kwa sharti linalojisimamia:

```sql
UPDATE akiba SET magunia = magunia - 60
WHERE ghala = 'Kibwezi' AND magunia >= 60;
```

Baada ya oda 318 kuchukua 100 yamebaki 10, kwa hiyo amri hii inarudisha sifuri, na oda 319 haikubaliwi. Hapa hakuna haja ya nambari ya toleo, kwa sababu sharti linauliza jambo lenyewe linalotakiwa kujulikana.

Kujua kama programu iliyokwisha kununuliwa ina kufuli hili hakuhitaji kusoma msimbo wake. Hufunguliwa oda moja ya majaribio katika madirisha mawili ya kivinjari. Dirisha la kwanza hubadilisha idadi na kuhifadhi, la pili, bila kusomwa upya, hubadilisha mahali pa kupakia na kuhifadhi. La pili likisema “Imehifadhiwa”, oda husomwa upya: ikionyesha idadi ya zamani, kazi ya dirisha la kwanza imefutwa, ikionyesha mabadiliko yote mawili, programu imeunganisha bila kuuliza. Jaribio hurudiwa kwa mistari, dirisha moja likiongeza kunde na jingine mbaazi, kisha kwa kufuta. Programu inaweza kufaulu jaribio la kwanza na kuanguka katika la mistari.